Kulinganisha bei za baiskeli Mwanza kabla binti hajaanza kidato cha kwanza: ya dukani, mtumba wa Japani na iliyotumika hapa hapa

Mzazi akizunguka maduka ya baiskeli jijini Mwanza atatajiwa bei tatu au nne zinazopishana sana, na kila muuzaji atamwambia yake ndiyo nafuu. Tatizo ni kwamba wauzaji hao hawauzi kitu kimoja. Wa dukani anauza vyuma vipya vilivyo kwenye boksi, wa mtumba anauza baiskeli nzima iliyokaa miaka kadhaa Japani, na jirani anayeuza yake anauza fremu na matatizo yaliyomo ndani yake. Bei zao hazilinganishiki mpaka uzigeuze ziwe bei moja: gharama ya kumfikisha binti shuleni kwa mwaka wote wa kwanza. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuigeuza, kwa mfano wa baba anayeishi Kisesa ambaye binti yake anaanza kidato cha kwanza Januari. Shilingi zilizotajwa ni za kufanyia hesabu. Ukienda mwenyewe, weka bei utakazozikuta siku hiyo.

Anza na njia na urefu wa mtoto

Kabla hujauliza bei yoyote, ipime njia. Katika mfano wetu shule iko kilomita 5 kutoka nyumbani, kwa hiyo kwenda na kurudi ni kilomita 10 kwa siku. Mwaka wa masomo una siku takribani 194, hivyo baiskeli itatembea karibu kilomita 2,000 kwa mwaka, ukiacha kutumwa dukani na kisimani. Huo ni mwendo wa kumaliza cheni iliyokwisha kulika nusu, na wa kumaliza kabisa tairi lililoanza kupasuka pembeni. Ndiyo maana uchakavu wa vipuri lazima uingie kwenye bei.

Angalia pia njia ilivyo. Nusu ya njia ya binti huyu ni vumbi na kokoto, nusu ni kando ya lami ya barabara ya Musoma inayopita malori. Kokoto zinataka tairi pana kiasi na rimu iliyonyooka. Barabara ya malori inataka breki zinazoshika hata mvua ikinyesha, yaani vuli kuanzia Oktoba mpaka Desemba na masika kuanzia Machi mpaka Mei.

Kisha mpime mtoto, na hapo wazazi wengi hukosea kwa nia njema: wananunua kubwa ili "akue nayo". Baiskeli kubwa mno haimsubiri mtoto akue, inamwangusha kila anaposimama ghafla. Kipimo ni rahisi. Akae kwenye kiti, aweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinama upande. Halafu ashuke kwenye kiti na kusimama katikati ya fremu, nyayo zote mbili zikanyage chini zikiwa bapa. Kwa msichana anayevaa sketi ya shule, fremu ya kike isiyo na bomba la juu ndiyo inayofaa. Anaipanda na kushuka haraka, na sketi haipandi. Tafuta pia kava ya cheni, maana sketi ndefu na hijabu huvutwa na cheni, na gurudumu la nyuma likiweza kuwa na wavu au kinga ya spoku ni bora zaidi.

Karatasi moja, maswali yaleyale

Chukua daftari, chora safu moja kwa kila baiskeli utakayoiona, na umuulize kila muuzaji maswali yaleyale. Bei ni ya baiskeli iliyoungwa au iliyo kwenye boksi? Keria, stendi, kengele, kufuli na pampu vimo? Tairi ni la namba gani? Kipuri kikiharibika, kinapatikana wapi hapa Mwanza? Risiti ipo?

Swali la kwanza peke yake hubadilisha bei nyingi. Duka la jumla la katikati ya jiji linaweza kuonekana nafuu kuliko duka la rejareja la Igoma au Buzuruga, kumbe la kwanza linakukabidhi boksi na la pili limeshamlipa fundi. Kuhusu risiti, muuzaji aliyesajiliwa anatakiwa kukupa ya mashine ya EFD, na mnunuzi naye anatakiwa kuidai. Ukishaipata, hakikisha namba ya fremu imeandikwa hapo au nyuma yake. Namba hiyo hugongwa chini ya fremu, pale ekseli ya pedeli inapopita, au kwenye bomba la kiti.

Baiskeli mpya ya dukani

Dukani utakuta aina mbili kwa sehemu kubwa. Ya kwanza ni ile nzito ya chuma ya gia moja, aina ya Foniksi na ndugu zake wa India, yenye tairi la 28 na mara nyingi breki za vyuma badala ya waya. Ya pili ni ya rangi kali, yenye gia nyingi na springi mbele. Kwa safari ya shule ya kila siku, hii ya pili iache, hasa ikiwa ni ya bei ya chini. Springi za bei hiyo hazifyonzi kishindo, zinaongeza uzito tu, na kile kimkono kinachohamisha cheni nyuma hupinda baiskeli ikianguka mara moja. Kikipinda, cheni inaruka au inaingia kwenye spoku, na mafundi wengi wa mitaani huishia kuifunga kwenye gia moja. Hapo umelipia gia 18 na unatumia moja.

Ile nzito ni ya kuaminika, lakini ina mambo mawili ya kujua. Moja, rimu zake za chuma kinachong'aa zikilowa, raba za breki huteleza, na umbali wa kusimama huongezeka sana. Binti afundishwe kushika breki kidogo kidogo mapema ili kuifuta rimu maji kabla ya kufika kwenye mteremko au makutano. Mbili, baiskeli mpya haiko tayari inapotoka kwenye boksi. Kiwandani gololi hupakwa grisi kidogo, na spoku zinakuwa zimekazwa nusunusu. Mwambie fundi afungue habu zote mbili, yaani vitovu vya magurudumu, na ekseli ya pedeli, aongeze grisi, ndipo aunge. Baada ya wiki mbili za kuendeshwa irudishe kwake akaze spoku na kotapini, zile pini mbili zinazoshika mikono ya pedeli. Kotapini iliyolegea utaijua: pedeli inagonga mara moja kila mzunguko. Ikiachwa hivyo kwa mwezi, inakula ekseli, na kipuri cha bei ndogo kinakuwa kazi kubwa.

Mtumba wa Japani: soma tairi kabla ya kusoma bei

Baiskeli za mtumba kutoka Japani ndizo zinazomfaa zaidi msichana wa shule kwa umbo. Fremu ni ya kike, kava ya cheni ipo, kikapu kipo mbele, keria na stendi ya miguu miwili vipo nyuma, mara nyingi na taa ya dainamo. Lakini ndani ya kundi hili ndimo mnamopatikana baiskeli ya bei ya kuvutia ambayo mwisho wake inakuwa ghali kuliko zote. Sababu ni tairi.

Inama usome maandishi yaliyoko ubavuni mwa tairi. Ukikuta 26 x 1 3/8, pembeni yake kuna namba 37-590. Ukikuta 26 x 1.95, kama zile za gia nyingi, namba yake inaishia na 559. Zote huitwa "ishirini na sita" na muuzaji atakuambia ni kitu kilekile. Si kitu kilekile: 590 na 559 ni kipenyo cha rimu kwa milimita pale tairi linapokaa, na milimita 31 za tofauti zina maana kwamba tairi la moja haliwezi kabisa kuvaa kwenye rimu ya nyingine. Tairi la Foniksi la 28 x 1 1/2 ni 635. Kuna na baiskeli za Japani zenye 27 x 1 3/8, namba 37-609, ambazo ni nzuri na ndefu kidogo, na huuzwa kwa bei ya kuvutia kwa sababu fundi mzoefu anazikwepa. Tairi lake si la kukuta kila duka. Likiisha katikati ya muhula, binti anatembea kwa miguu huku mzazi akitafuta, au analazimika kubadilisha rimu zote mbili, spoku na tairi kwa pamoja.

Kwa hiyo iandike namba hiyo kwenye daftari, usilipe, nenda maduka mawili ya vipuri na umuulize kila muuzaji: "Bosi, tairi la 26 kwa moja na tatu ya nane unalo hapa leo? Nione." Usikubali jibu la "linapatikana". Likiwepo rafuni kwenye maduka mawili, baiskeli hiyo imepita mtihani wake mkubwa.

Jambo la pili ni gia za ndani. Baadhi zina gia tatu zilizofichwa ndani ya habu ya nyuma, na utazitambua kwa habu nene na kimnyororo kidogo au kisanduku kinachotoka ubavuni mwa ekseli. Ni gia nzuri kwa vilima vya Mwanza, na hazipindi kama zile za nje. Lakini zikianza kuteleza, vipuri vyake ni vya kuvizia kutoka baiskeli nyingine ya mtumba. Ziendeshe kwenye kilima, ukikanyaga kwa nguvu katika kila gia. Ikiteleza hata mara moja, acha. Kama njia si ya vilima vikali, chukua ya gia moja. Ikiwa nzito kupandisha, friwili, lile duara la meno linalovutwa na cheni kwenye gurudumu la nyuma, ikiwa ya meno 18 inaweza kubadilishwa na ya meno 20 au 22, na kupanda kunakuwa kwepesi kwa gharama ya mwendo kidogo kwenye tambarare.

Tatu, breki ya nyuma. Nyingi zina breki iliyomo ndani ya kikombe cha chuma ubavuni mwa habu. Haitegemei rimu, hivyo maji na matope ya njiani hayaisumbui kama breki ya raba. Ikilia kama filimbi, mwenye nayo hushawishika kuidondoshea mafuta. Usifanye hivyo kamwe. Mafuta yakishaingia, utepe wa breki unateleza, na baiskeli inabaki na breki ya mbele tu. Ukiona mafuta yametapakaa kwenye kikombe hicho, jua kuna mtu alishafanya hivyo, na uandike "utepe wa breki" kwenye orodha yako ya gharama, baada ya kuhakikisha unapatikana.

Vipimo vitatu vya kufanya papo hapo

Hivi ni kwa baiskeli yoyote iliyotumika, iwe ya Japani au ya jirani. Beba uzi wa mita tatu na rula ya shule ya sentimita 30.

Cha kwanza ni cheni. Weka sifuri ya rula katikati ya pini moja, hesabu nafasi 20 za pini huku cheni ikiwa imevutwa. Cheni mpya inatoa sentimita 25.4 kamili. Ikifika 25.6 au zaidi, imelika na lazima ibadilishwe. Cheni iliyolika hivyo huwa imeshakula meno ya friwili, na ukifunga cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka, itaruka unapokanyaga kwa nguvu. Hivyo hesabu vyote viwili.

Cha pili ni fremu. Funga uzi pale ekseli ya gurudumu la nyuma inaposhikwa upande wa kulia, upitishe mbele ukizunguka bomba la usukani, kisha urudishe mpaka upande wa kushoto na uuvute unyooke. Pima umbali kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Tofauti ikizidi milimita 3 au 4, fremu imepinda, na baiskeli hiyo itakwenda kwa ubavu na kula tairi upande mmoja. Angalia pia rangi chini ya maungio ya bomba la usukani. Ikiwa imekunjamana au ina nyufa zenye kutu, baiskeli iligonga kitu uso kwa uso. Hiyo usiinunue hata kwa nusu bei, kwa sababu ufa wa hapo hauchomelewi ukategemewa kumbeba mtoto.

Cha tatu ni magurudumu. Inua kila gurudumu, lizungushe, na utazame nafasi kati ya rimu na raba ya breki. Likiyumba kidogo, fundi atalinyoosha kwa kukaza spoku. Likiruka juu na chini, rimu imebonyea na inahitaji kubadilishwa. Kisha lishike juu na kulisukuma kushoto na kulia. Likicheza, koni, yaani vile vyuma vinavyobana gololi ndani ya habu, zimelegea au zimelika. Mwambie muuzaji azikaze mbele yako. Zikikazwa gurudumu likawa linakwaruza kama lina mchanga ndani, njia za gololi zimechimbika, na habu hiyo iandike kwenye gharama.

Iliyotumika hapa hapa

Baiskeli za watu binafsi na zilizoko kwa mafundi huwa na bei ya chini kuliko zote. Faida yake ni kwamba vipuri vyake vinapatikana mpaka kwenye magulio ya vijijini. Ubaya ni kwamba nyingi zimebeba mkaa, magunia na madumu ya maji, na mzigo huo hula habu ya nyuma, rimu ya nyuma na ekseli ya pedeli kwanza. Hivyo vitatu ndivyo vya kuvikagua kwa makini. Rangi mpya ya mkono isikuvutie, na ikiwa imefunika namba ya fremu, ikwangue kidogo uione.

Namba ikiwa imesagwa, ondoka. Kununua mali ya wizi ni kosa la jinai, na atakayesimamishwa njiani akiwa juu yake ni binti yako. Namba ikiwepo, mauziano yaandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji anakoishi muuzaji, mbele ya mwenyekiti au mtendaji: majina ya pande zote, namba ya kitambulisho cha muuzaji, namba ya fremu, rangi, bei, tarehe na saini za mashahidi wawili. Muuzaji asiyetaka kufika ofisini kwake mwenyewe amekujibu swali lako.

Hesabu ya baba wa Kisesa

Baada ya kuzunguka, daftari lake lina baiskeli tatu.

Mpya ya kike, tairi la 28, bei 320,000 ikiwa kwenye boksi. Fundi wa kuiunga na kuipaka grisi 15,000, keria 15,000, kufuli 10,000. Jumla 360,000. Ndani ya mwaka itahitaji raba za breki 6,000, inafika 366,000.

Mtumba wa Japani, gia moja, 26 x 1 3/8. Muuzaji alianza na 220,000. Baba hakusema "punguza kidogo, mzee". Alimwonyesha nyufa za tairi na rula juu ya cheni, akamsomea gharama ya kila kimoja, na bei ikashuka mpaka 190,000. Tairi mbili 36,000, tyubu mbili 12,000, cheni na friwili 12,000, waya na raba ya breki ya mbele 10,000, fundi 15,000, kufuli 10,000. Jumla 285,000. Raba nyingine baadaye 5,000, inafika 290,000.

Iliyotumika hapa hapa, ya 28, yenye bomba la juu, bei 130,000. Ekseli na koni za habu ya nyuma 15,000, rimu ya nyuma na spoku 25,000, kuzipanga upya 10,000, tairi la nyuma 18,000, ekseli ya pedeli, vikombe na kotapini 20,000, fundi 20,000, kufuli 10,000. Jumla 248,000. Tairi la mbele halitamaliza mwaka, 18,000, na raba 6,000. Inafika 272,000.

Mwanzoni, kati ya mpya na ile ya jirani kulikuwa na pengo la shilingi 190,000. Baada ya hesabu limebaki 94,000. Na kati ya ile ya jirani na mtumba, ambako pengo lilikuwa 60,000, limebaki 18,000 tu. Kwa hizo 18,000 binti anapata fremu isiyo na bomba la juu, kava ya cheni na breki ya nyuma isiyoogopa matope. Baba anachagua mtumba, kwa kuwa alishaliona tairi lake kwenye maduka mawili. Kama asingeliona, jibu sahihi lingekuwa kuongeza 76,000 na kuchukua mpya, si kurudi kwa ile ya jirani, kwa sababu urefu wa binti haumruhusu kukanyaga chini akiwa juu ya bomba lile.

Matengenezo yafanyike kabla hajaanza kuiendesha, si "tutaona ikiharibika". Fedha ikiwa pungufu, kinachoweza kusubiri ni rangi, kikapu na taa kwa anayerudi mchana. Kisichosubiri ni tairi, breki na cheni.

Siku ya kuichukua kwa fundi, binti awepo. Fundi arekebishe kiti kwa kipimo cha kisigino, na baba na binti waende nayo njia yote ya shule siku moja isiyo na masomo, kwa saa ileile atakayokuwa anapita, ili wajue malori yanapita kwa wingi wapi na wapi ashuke aikokote. Kwenye mfuko wa shule aweke pampu ndogo, viraka na gundi yake, na kwa baiskeli za Japani vipira viwili vya valvu, vile vyembamba kama mrija. Kipira hicho kikikatika, tairi linaisha upepo bila kuwa na tundu lolote, na mtu asiyekijua atavua tyubu nzima kutafuta pancha ambayo haipo.